Shangazi Anauza Singer ya Mama Yake

Tangazo la kwanza shangazi aliliandika mwenyewe, kwa kalamu, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akanipa nimchapie. Lilijaa ukurasa mzima. Lilieleza jinsi mama yake, yaani bibi yangu, alivyoshona usiku kwa koroboi akasomesha watoto watano, jinsi alivyokuwa haruhusu mtu aondoke na nguo yenye uzi unaoning'inia, na jinsi shangazi mwenyewe alivyokuwa akipata usingizi utotoni kwa kusikia pedeli ikienda na kurudi. Lilimalizika kwa dua. Hakuna mahali liliposema kama cherehani inashona.

La pili lilitungwa na mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyekereka na urefu wa lile la kwanza. "Singer orijino. Ipo vizuri. Bei maelewano." Maneno sita. Tulilisambaza kwa simu kwa watu wa Ngamiani na Makorora, na kwa siku tatu majibu yakawa yale yale: bei gani, mwisho ngapi, na mtu mmoja aliyeuliza kama simu hukata mtandao ikisogezwa karibu na sindano. Huyo nitamrudia.

Ukiyatazama haraka, utadhani matangazo hayo mawili yanapingana, moja la moyo na jingine la soko. Mimi naona yalikosea kwa namna moja. Yote mawili yalimtaka mnunuzi aamini tu. Shangazi alitaka aamini kwamba bibi alikuwa mtu mwema, mjukuu akataka aamini kwamba mashine ipo vizuri. Hakuna hata moja lililompa mtu kitu cha kushika kwa mkono au kutazama kwa jicho. Basi nikamwomba shangazi tukae na cherehani yenyewe asubuhi moja, dirisha likiwa wazi, kabla ya kuandika neno lolote tena.

Kwanza lakini kulikuwa na jambo lisilohusu uandishi. Kwetu Pwani kitu cha marehemu si cha aliyekaa nacho. Mtu akifariki, alichoacha ni cha warithi wote kwa mafungu yao, hata kiwe kinu na mchi. Isipokuwa kama alikitoa hiba akiwa hai, na hiba hukamilika kwa kukabidhi. Maneno ya "hiki nitakuachia" hayatoshi. Bibi alimkabidhi shangazi cherehani mbele ya kaka zake alipoanza kushindwa kuona tundu la sindano, na ikahamia nyumbani kwa shangazi miaka mingi kabla ya msiba. Hata hivyo nilimpigia baba, kisha baba mdogo. Baba hakuwa na neno. Baba mdogo alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama kile kikopo cha vifungo nacho kinauzwa.

Hakiuzwi. Nikaandika kwenye karatasi, mstari wa kwanza kabisa wa tangazo jipya kuwahi kuandikwa: "Kikopo cha vifungo hakimo." Baadaye mstari huo ulishuka chini, ila nausimulia hapa kwa sababu ugomvi mwingi wa mauzo ya vitu vya familia huanzia kwenye droo. Mnunuzi hudhani vilivyomo ndani ni vyake, muuzaji hudhani kila mtu anajua si vyake.

Shangazi alifungua asubuhi ile kwa kutangaza kwamba mashine ni ya wakati wa Mjerumani. Hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kulihoji. Mjerumani aliondoka Tanga mwaka 1916, Mwingereza alipouchukua mji, kwa hiyo mashine ya wakati wake ingekuwa na zaidi ya miaka mia moja leo. Ni sentensi tamu sana kwenye tangazo. Ni sentensi pia inayoweza kupimwa kwa dakika mbili, maana kila Singer ina namba.

Kwenye cherehani nyeusi za umbo hili namba imegongwa kwenye chuma chenyewe, juu ya kitako, upande wa kulia, pale nguzo inaposimama. Mara nyingi imezibwa na uchafu na mafuta yaliyoganda. Usikwangue kwa kisu wala usisugue kwa spiriti, kwa sababu nakshi za dhahabu zimefunikwa kwa vanishi ambayo spiriti huiyeyusha, na zikitoka hazirudi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa laini, subira kidogo, na tarakimu zinajitokeza. Zetu zilianza na herufi mbili, EK, zikafuatwa na tarakimu sita.

Kampuni iligawa namba kwa mafungu makubwa kwa viwanda vyake, na kumbukumbu za mafungu hayo zipo hadi leo. Herufi EK zilikwenda kwenye kiwanda cha Clydebank, Uskoti, katikati ya miaka ya 1950. Namba haikuambii siku mashine ilipouzwa, kwani fungu lilitengwa kabla mashine zenyewe hazijaundwa, na mashine ingeweza kukaa ghalani au dukani muda mrefu. Ila inakwambia kwa uhakika kitu kimoja: mashine hii haikuwepo wakati wa Mjerumani. Ilichelewa kwa miaka takriban arobaini.

Shangazi hakufurahi. Alikaa akiikodolea macho ile EK kana kwamba ni jirani aliyemsengenya. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Kaka yao mkubwa alizaliwa 1958. Mama yao aliolewa kabla ya hapo kidogo. Babu alikuwa kwenye shamba la mkonge, na kila mwisho wa mwezi alipeleka fedha dukani kulipia mashine, kidogo kidogo. Singer iliuza kwa malipo ya awamu karibu kila ilikofika, na ndivyo mtu wa mshahara mdogo alivyoweza kuwa nayo. "Kumbe alikuwa anamlipia mke mpya," akasema. Hapo akakumbuka jambo jingine, kwamba shamba lile watu waliliita kwa Mjerumani, hata baada ya mwenyewe kuondoka. Sina njia ya kuthibitisha, ila naona ndiko jina lilikotoka. Lilihama shambani likapanda juu ya cherehani.

Nimekaa kwenye hilo kwa sababu ndipo watu wengi hukwama. Wanaogopa kwamba ukweli utaipunguza hadithi. Kwetu hapa uliikuza. "Ya wakati wa Mjerumani" ni maneno ambayo kila muuza vitu vya kale anayo mdomoni. Kijana wa mkonge aliyelipa mwezi kwa mwezi ili mkewe apate cherehani ni mtu mmoja, na namba ya chumani inamuunga mkono.

Tukaigawa karatasi mara tatu. Upande mmoja tuliandika kinachoonekana kwa macho, upande wa pili kinachosimuliwa na familia, upande wa tatu tusichokijua. Kila sentensi ya tangazo ilitakiwa itoke kwenye upande wake na ivae vazi lake. Cha kwanza husemwa moja kwa moja: namba inaanza na EK. Cha pili hupewa mwenyewe: familia inasimulia kwamba babu alilipa kwa awamu. Cha tatu husemwa hivyo hivyo: risiti haipo. Msomaji wa tangazo hutambua tofauti hiyo hata asipoweza kuitaja, na akiona umekiri usichokijua huanza kukuamini kwenye unachokijua.

Halafu tukageukia makovu. Mimi nashikilia kwamba tangazo la urithi linaishi au linakufa hapa. Muuzaji wa kawaida huficha kovu. Muuzaji mwenye huzuni hulisahau, akaandika juu ya mapenzi ya mama. Lakini kovu la kitu kilichotumika na mtu mmoja kwa miaka mingi ni dosari na hadithi kwa wakati ule ule, kwa hiyo ukilieleza vizuri umefanya kazi zote mbili kwa sentensi moja.

Upande wa kushoto wa kitako, mbele ya sindano, nakshi ya dhahabu imefutika kabisa. Haikubanduka ovyo, imelika kwa umbo refu lililopinda, na ukiweka ubavu wa kiganja cha kushoto pale, unaenea. Ndipo bibi alipoegemeza mkono akiongoza kitambaa. Ungeweza kuandika "alishona kwa upendo miaka yote ya uhai wake", na mnunuzi akapita. Andika "nakshi imefutika mahali kiganja cha kushoto kilipokuwa kikikaa", na mnunuzi akija ataweka mkono wake hapo kabla hajaketi. Nimewaona wakifanya hivyo.

Kwenye meza, upande wa kulia, kuna doa jeusi la duara lenye upana wa kikombe. Ni koroboi. Ubao umeungua juu juu tu, hauna ufa.

Na ukingoni mwa meza, mbele, kuna pengo mbili ndogo zilizokatwa kwa kisu. Mimi nilidhani ni michezo ya watoto. Shangazi akaniambia mama yake hakuwa na futi ya kupimia mwanzoni, akamwomba fundi seremala amwekee alama za dhiraa moja. Nikachukua rula. Kutoka pengo hadi pengo ni sentimita 46, yaani inchi 18, nusu wari kamili. Sikuwa na la kuongeza. Nikaandika vipimo.

Sasa je, inashona? Shangazi alisema inashona vizuri sana, ila alipoulizwa mara ya mwisho ilikuwa lini, alifikiri kwa muda mrefu. Mashine iliyokaa miaka mitatu haijulikani hali yake, na "inashona" ni neno la leo, halisemwi kwa kumbukumbu. Tukamwita fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alizungusha gurudumu kwa mkono, likasita. Akailaza mashine nyuma kwenye bawaba zake, akanusa, akamtazama shangazi. "Mama, umetia mafuta ya nazi." Alikuwa ametia, mwaka fulani, mafuta ya cherehani yalipokosekana. Mafuta ya kupikia hulainisha siku ile tu. Baadaye hukauka yakawa kama gundi kwenye kila kiungo, na mtu akija kununua huona gurudumu zito akadhani chuma kimekwisha. Fundi alitia matone ya mafuta ya taa kwenye viungo, akazungusha, akafuta ule utando wa rangi ya chai, akarudia, kisha akamalizia kwa mafuta halisi. Gurudumu likaanza kwenda kwa kidole kimoja.

Jaribio lenyewe ni dogo, na mtu yeyote anaweza kulifanya. Tulishona mikunjo miwili ya kanga kuukuu, halafu mikunjo minne ya jinzi, kila kipande urefu wa shibiri. Juu mshono ulinyooka. Chini, kwenye kanga, ulitoa vitanzi vitanzi. Watu wengi wakiona vitanzi chini hulaumu bobini, kumbe mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia sawasawa kati ya visahani vinavyoubana. Fundi aliutoa uzi, akaupitisha upya, vitanzi vikaisha. Tukavipiga picha vipande vyote viwili, mbele na nyuma. Picha ya nyuma ya mshono ina thamani kuliko neno "orijino" mara kumi.

Dosari mbili zilibaki. Mkanda si wa ngozi tena, ule wa asili ulikatika zamani na huu ni wa plastiki. Na raba ndogo ya kujazia bobini imelika, kwa hiyo ukitaka kujaza uzi lazima uisukume kwa kidole gumba iguse gurudumu. Shangazi alitaka hilo la raba tusiliandike. Ni kitu kidogo, alisema, mtu ataligundua mwenyewe. Nikamwambia ndiyo sababu liandikwe. Dosari anayoigundua mnunuzi mwenyewe, hata iwe ndogo kama punje, humfanya ajiulize zipo ngapi nyingine.

Fundi alitupa pia jambo ambalo tusingelijua. Mashine hii ni ya jamii ya 15K, unaitambua kwa bobini ya duara iliyosimama wima upande wa kushoto wa kichwa, ndani ya kesi inayotoka ukivuta kilimi chake. Umbo hilo lilinakiliwa na viwanda vingi, zikiwemo Butterfly nyeusi za kutoka China ambazo zimejaa madukani kwetu, na ndiyo maana sindano, bobini na kesi yake hazisumbui kupatikana. Kwa mtu atakayeitumia, sentensi hiyo ina uzito kuliko umri wa mashine. Singer kongwe zaidi, zile zenye bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kidude kama mashua ndogo, ni nzuri kutazama lakini vipuri vyake ni vya kutafuta.

Ilibaki sababu ya kuuza. Shangazi anahama kwenda kuishi na binti yake Dodoma, kwenye vyumba viwili, na magoti yake hayawezi tena pedeli. Hiyo ni sababu ya kweli, na inatosha kwa sentensi moja. Katika tangazo lake la kwanza ilichukua aya tatu, zenye magonjwa, ujane na upweke. Hizo tulizitoa zote. Ukiandika kwamba una shida, anayesoma anasikia kwamba utakubali bei yoyote, na hata mwenye huruma hupiga hesabu. Na kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: tangazo linalosema mwanamke mzee anaishi peke yake na anahama tarehe fulani limemwambia mwizi kila anachohitaji. Kwa hiyo hatukuandika tarehe, wala mtaa, wala umri. Cherehani tuliihamishia kwa fundi, ikawa inaonekana huko mchana, yeye akiwepo.

Kuhusu bei nilikuwa mkali kidogo, na shangazi alinisamehe baadaye. Alitaka laki sita. Fundi alisema yeye, kwa kazi, angetoa laki mbili. Tofauti ile ya laki nne ilikuwa ni bibi. Lakini bibi hauzwi, na mnunuzi hana wajibu wa kumlipia. Umri nao hausaidii sana kama watu wanavyodhani. Kiwanda cha Clydebank peke yake, kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa kikitoa mashine zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na kiliendelea kufanya kazi hadi kilipofungwa mwaka 1980. Singer nyeusi si kitu adimu. Kinachoongeza bei ni kwamba imekamilika, inashona, meza na miguu ya chuma ni vyake vya asili, na nakshi nyingi bado ipo. Kwa hayo fundi alikubali kwamba mtu asiye fundi anaweza kutoa laki mbili na themanini. Tukaandika hiyo, bila "maelewano". Mwenye kutaka kupatana atapatana tu, hahitaji kualikwa.

Yule wa simu na sindano hakuwa mwendawazimu. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba cherehani kuukuu za Singer zina "zebaki nyekundu" ndani yake, kitu cha kuonyesha dhahabu iliyofichwa na kufukuza mashetani, na kwamba dalili yake ni simu kukata mtandao ikisogezwa kwenye sindano. Watu walifikia kutaja makumi ya maelfu ya riali kwa mashine moja. Hakuna zebaki ya namna hiyo ndani ya cherehani yoyote. Kuna chuma, shaba kidogo, na uchafu wa nyuzi. Lakini uvumi hauhitaji viza. Mpigaji aliahidi shilingi milioni nane kama "kipimo kitakubali", na kwanza tumtumie elfu hamsini ya mtaalamu. Shangazi alikata simu kwa heshima. Ndiyo maana mstari mmoja wa tangazo letu unaonekana wa ajabu kwa asiyejua.

Picha tulizipiga dirishani, saa tatu asubuhi, bila flashi, maana flashi huonyesha chuma cheusi kuwa kipya. Nzima kwa mbele, nzima kwa nyuma, chini ilipolazwa, doa la koroboi likiwa na sarafu ya shilingi mia kando yake, raba iliyolika, na vile vipande vya kanga na jinzi. Namba tuliipiga herufi na tarakimu mbili za kwanza tu. Nyingine mnunuzi angezisoma mwenyewe akija. Kichwa tulikipeleka kwa muuza mchele jirani kikapimwa: kilo 13.

Hili ndilo lililotoka, baada ya shangazi kulisoma kwa sauti mara mbili na kufuta neno moja, "hazina", ambalo nililipenda mimi.

"Cherehani ya Singer ya pedeli, jamii ya 15K, inauzwa na meza yake. Namba inaanza na EK. Ni toleo la Clydebank, Uskoti, la katikati ya miaka ya 1950. Familia inasimulia kwamba baba alimnunulia mama kwa malipo ya kila mwezi, akifanya kazi kwenye mkonge. Risiti haipo.

Inashona. Imesafishwa na kutiwa mafuta na fundi mwezi huu. Tazama picha za mshono kwenye kanga mikunjo miwili na jinzi mikunjo minne, mbele na nyuma. Inashona mshono wa kunyooka tu, haina zigizaga. Sindano na bobini zake zinapatikana madukani.

Dosari: mkanda ni wa plastiki, si wa asili. Raba ya kujazia bobini imelika, inahitaji kusukumwa kwa kidole au kubadilishwa. Meza ina doa la koroboi upande wa kulia, halina ufa. Nakshi ya dhahabu imefutika upande wa kushoto, mahali kiganja cha mama kilipokuwa kikikaa. Ukingoni mwa meza kuna pengo mbili alizokuwa akipimia kitambaa; kati yake ni inchi 18.

Kichwa ni kilo 13. Pamoja na meza inahitaji watu wawili kuinyanyua. Usafiri ni wa mnunuzi.

Vinavyokwenda nayo: kesi ya bobini, bobini tano, bisibisi ndogo, sindano mpya mbili. Kikopo cha vifungo na bobini moja yenye uzi mweupe vinabaki kwetu.

Ninaiuza kwa sababu ninahamia nyumba ndogo na magoti hayawezi tena pedeli. Haina zebaki, na haipimwi kwa simu. Njoo na kitambaa chako ukijaribu kwa fundi, mchana, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Bei ni shilingi 280,000."

Lina maneno machache kuliko lile la kalenda, na bibi yumo zaidi. Yumo kwenye kiganja, kwenye koroboi, kwenye inchi 18. Ile bobini yenye uzi mweupe shangazi aliitoa dakika za mwisho. Ni uzi alioujaza mama yake, na hakutaka kueleza zaidi ya hapo, nami sikuona haja ya tangazo kueleza.

Watu wanne walikuja. Wa kwanza alitaka miguu ya chuma tu aifanye meza ya hoteli, kichwa akiache. Hilo shangazi alilikataa, na alikuwa na haki. Muuzaji anaweza kuchagua, mradi aamue mapema asimpotezee mtu nauli. Wa pili hakurudi. Wa tatu alitoa laki moja na nusu.

Wa nne alikuwa mwanamke wa Pongwe anayeshona sare za shule, mwenye mashine moja na msichana anayemsaidia asiye na mashine. Alikuja na kitambaa chake, dakroni ya kijani, akashona pindo la sketi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Aliligeuza, akatazama chini ya mshono. Kisha akatoa futi shingoni, akaipima zile pengo mbili, akatabasamu peke yake. Alijaza bobini kwa kusukuma raba kwa kidole gumba kana kwamba ameizoea. Aliomba apunguziwe kwa ajili ya usafiri wa kwenda Pongwe. Kwa ajili ya raba hakuomba kitu, ilikuwa imeshaandikwa. Wakakubaliana 265,000.